Inahesabiwa alama kubwa kati ya mbili za mwisho kwa kila mada. Zimebaki Jumamosi mbili, afanye tena mada zipi?

BintiMakorora

Habari zenu wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Mdogo wangu yuko Kidato cha Pili, hisabati anasoma kwenye kituo kimoja cha tuisheni hapa Ngamiani. Pale hawatoi jumla ya mtihani mmoja. Kila mada ina karatasi yake ya maswali manne, inasahihishwa kwa 0 mpaka 4. Ya 4 ni kazi safi, ya 3 ni njia sahihi yenye kosa dogo, ya 2 ameanza vizuri akakwama, chini ya hapo mada bado. Mada inaweza kufanywa tena kwa maswali mapya, na inayohesabiwa ni kubwa kati ya alama mbili za mwisho. Ikifika 3 mada imepita.

Mwisho wa muhula wanahesabu mada zilizopita. Zote 8 ni A, 6 au 7 ni B, 4 au 5 ni C. Zimebaki Jumamosi mbili, na kila Jumamosi mwanafunzi anaruhusiwa mada mbili tu. Hizi ndizo alama zake, ya kwanza kushoto:

Vipeo: 4
Aljebra: 2, 3
Kwadratiki: 1, 2
Logi: 1
Mfanano: 3, 1
Pithagorasi: 2
Trigonometria: 0
Seti: 2, 4

Sasa hivi zimepita nne. Yeye anataka Jumamosi hii aanze na Mfanano, maana ile 1 inamkera, na Trigonometria kwa sababu ni 0. Mimi namtakia B. Mnashaurije?

Kasuku_wa_Pangani

Afanye zozote, dada. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba kufanya tena hakuna hasara, inachukuliwa ya juu. Aanze na zile za chini kabisa, ndiko kwenye nafasi kubwa ya kupanda.

MamaMudi_Bagamoyo

Poleni jamani. Wa kwangu naye nimeambiwa huenda akakariri darasa baada ya mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili. Hivi akikariri anarudia masomo yote au yale aliyofeli tu? Na ada inalipwa upya?

MwlChumbageni

Mama Mudi, hapa kinachozungumzwa ni kufanya tena karatasi ya mada moja ndani ya muhula uleule, mtoto hakariri darasa. La kwako ni zito na linastahili uzi wake. Ufungue, nitakuja kukujibu huko.

BintiMakorora, marahaba. Kasuku amesema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo itakayomgharimu mdogo wako. Chukulia kila mada ina viti viwili. Alama mpya ikija inakaa, na iliyokaa muda mrefu zaidi inanyanyuka hata kama ndiyo kubwa. Kwetu Tanga tunasema waja leo waondoka leo.

Tazama Mfanano. Waliokaa ni 3 na 1, kwa hiyo inahesabiwa 3 na mada imepita. Akiifanya tena, anayenyanyuka ni yule 3. Inabaki 1 na hiyo mpya. Akipata 3 amerudi palepale alipokuwa. Akipata 2 amepoteza mada iliyokuwa mkononi, na Jumamosi ya pili itaishia kuitafuta tena. Faida ni sifuri, hasara ni mada nzima.

Sasa tazama Kwadratiki, 1 na 2. Akiifanya tena anayenyanyuka ni 1, na 2 inabaki imekaa. Hawezi kushuka. Pithagorasi, Logi na Trigonometria zina alama moja moja, kiti cha pili kiko wazi, kwa hiyo nako hashuki. Jambo la kukagua kabla ya kuchagua mada ni hili moja: je, alama ya zamani ni kubwa kuliko ya karibuni? Kama ndiyo, simama kwanza. Kama zinalingana, au ya karibuni ndiyo kubwa, jaribio moja linalofuata halina hatari.

Kasuku_wa_Pangani

Mwalimu, mimi nazungumzia kituo ninachokijua huku Pangani. Wanachukua kubwa ya zote tangu muhula uanze. Hakuna kunyanyuka.

MwlChumbageni

Hiyo ni kanuni nyingine, na chini yake uko sahihi, kurudia hakuna hasara. Lakini ujue kwa nini wengine wameikwepa. Mchukue mtoto ambaye mada haijakaa sawa, ila kwa maswali yakimwangukia vizuri anaweza kupita mara moja kati ya tatu. Akifanya mara nne na ikachukuliwa kubwa ya zote, uwezekano wa kupita angalau mara moja ni 65 kati ya 81, karibu asilimia 80. Amepita bila kuongeza chochote kichwani. Kwa mbili za mwisho uwezekano ule ni 5 kati ya 9, asilimia 56 hivi. Ukichukua ya mwisho peke yake ni 33, ila hapo mtoto anayejua, akiamka na homa siku moja, anaanguka. Mbili za mwisho ni njia ya katikati. Inasamehe siku moja mbaya na haihifadhi bahati ya zamani.

Raskazone88

Swali kabla hamjaendelea. Binti, una uhakika wanahesabu mada zilizopita, si wastani wa alama? Maana kwa wastani, kutoa Logi kutoka 1 mpaka 3 kunaleta pointi mbili, na Pithagorasi kutoka 2 mpaka 3 pointi moja tu. Ushauri wa Kasuku wa kuanza na za chini ungekuwa na nguvu zaidi huko.

BintiMakorora

Ni mada zilizopita, nimeona karatasi ya maelekezo. Wastani hautajwi.

MwlChumbageni

Ahsante Raskazone, hilo lilikuwa la kuulizwa mwanzo kabisa. Kwa hesabu ya mada zilizopita, 0 kupanda kuwa 2 hakuleti kitu, na 2 kushuka kuwa 1 hakuondoi kitu. Kinachotazamwa ni nani anavuka mstari wa 3. Ili avuke, kosa lake lazima lijulikane, na namba peke yake haikwambii. Binti, unazo karatasi za Pithagorasi na Kwadratiki? Andika swali moja alilokosa katika kila moja, kama alivyoliandika yeye.

BintiMakorora

Ninazo hapa.

Pithagorasi: pembetatu yenye pembe mraba, upande mrefu kuliko zote ni 13, mmoja wa mifupi ni 5, tafuta wa tatu. Ameandika 25 + 169 = 194, akatoa kipeuo cha pili akapata 13.9.

Kwadratiki: 2x² − 7x + 3 = 0 kwa kanuni. Chini ya kipeuo amepata 49 − 24 = 25, sawa. Lakini majibu yake ni −½ na −3.

MwlChumbageni

Vizuri sana, haya ni makosa ya karibu.

Kwenye Pithagorasi anajua kanuni ila anajumlisha kila mara. Upande uliokuwa unatafutwa ni mfupi, kwa hiyo ni 169 − 25 = 144, jibu 12. Na dalili ilikuwa mbele ya macho yake: upande mfupi umetoka 13.9, mrefu kuliko 13. Mfundishe kabla ya kuandika chochote aweke alama kwenye upande unaotazamana na pembe mraba, ndipo aamue kujumlisha au kutoa. Mpe pembetatu kumi, sita kati yake ziwe za kutafuta upande mfupi. Usitumie 3, 4, 5, amekwisha kuikariri. Tumia 8, 15, 17 na 7, 24, 25.

Kwenye Kwadratiki kosa ni moja, alama ya kutoa. b ni −7, kwa hiyo −b ni 7. Yeye ameacha −7. Majibu sahihi ni (7 + 5) ÷ 4 = 3 na (7 − 5) ÷ 4 = ½. Aandike a, b na c pembeni pamoja na alama zake kabla ya kugusa kanuni, kisha jibu moja alirudishe kwenye mlinganyo. −3 ingemwambia palepale: 18 + 21 + 3 ni 42, si 0.

Kwa wiki moja ya mazoezi, Pithagorasi naipa nafasi 7 kati ya 10 ya kufika 3, Kwadratiki 6 kati ya 10. Logi yenye 1 naipa 4. Trigonometria 3, kwa sababu sini na kosini zinaanzia kwenye pembetatu ileile anayoikosea.

Kwa hiyo Jumamosi hii Pithagorasi na Kwadratiki. Zikipita zote, B imeingia. Ikipita moja, Jumamosi ya pili afanye ile iliyobaki pamoja na Logi, maana anahitaji moja tu kati ya hizo mbili. Zikigoma zote, azirudie zote mbili. Nimeipiga hesabu njia hii, inatoka karibu asilimia 83 ya kufika B. Akianza na Logi na Trigonometria, hizi mbili akaziweka Jumamosi ya mwisho, inatoka karibu 70. Mada ni zilezile. Tofauti ni kwamba iliyo karibu ukiianza mapema inakuachia Jumamosi ya kuirudia, na ile ya mbali ukiianza mapema unaipeleka chumbani haijaiva.

A aiache. Ingetaka mada zote nne zipite kwa jaribio moja moja, na kwa makadirio haya ni kama asilimia 5.

Raskazone88

Mwalimu, kwa heshima zote, 7 na 6 na 4 umezitoa kichwani. Ukikosea kidogo mpango mzima unaanguka.

MwlChumbageni

Nimezitoa kwenye makosa mawili yaliyoonyeshwa, na kwa Logi na Trigonometria nimekisia kwa alama tu. Hapo una haki. Lakini zisogeze uone. Ipe Kwadratiki 5 badala ya 6, ipe Logi 5 badala ya 4. Asilimia inabadilika, ila Pithagorasi haiondoki Jumamosi ya kwanza. Kinachoweza kubadilika ni mwenzake. Binti akituletea karatasi ya Logi tukakuta kosa ni moja tu, mathalani anaandika log 2 + log 3 kuwa log 5 badala ya log 6, basi Logi itaipita Kwadratiki na mimi nitabadilisha.

Jedwali_Tanga

Kwa walimu na wazazi wanaotunza hizi alama kwenye kompyuta. Weka mada safu ya A, majaribio B mpaka G kwa mpangilio wa kufanyika. Alama inayohesabiwa:

```
=IF(COUNT(B2:G2)=0,"",MAX(INDEX(B2:G2,MAX(1,COUNT(B2:G2)-1)):INDEX(B2:G2,COUNT(B2:G2))))
```

Na hii inakuonya kama alama ya zamani ndiyo kubwa:

```
=IF(COUNT(B2:G2)<2,"huru",IF(INDEX(B2:G2,COUNT(B2:G2)-1)>INDEX(B2:G2,COUNT(B2:G2)),"simama","huru"))
```

Ikikataa, kompyuta yako huenda inatumia nukta-mkato badala ya mkato, badilisha.

Linaloharibu mara nyingi ni hili: watu wanafanya safu ziwe tarehe, B ni Jumamosi ya kwanza, C ya pili, hivyo hivyo. Mtoto asipofanya mada ile siku ile kunabaki pengo, na fomula inahesabu namba zilizopo kisha inachukua mahali pasipo penyewe. Safu ziwe jaribio la 1, la 2, la 3, bila kuruka. Na asiyekuja usimwandikie 0. Sifuri ni alama, inakaa kwenye kiti na kumnyanyua mwenzake. Nimeona jedwali ambalo mtoto alikuwa na 4 na 2, akakosa siku moja, akaandikiwa 0, mada ikasomeka 2.

Kasuku_wa_Pangani

Nimeelewa hili la viti, ahsanteni. Ila Mfanano linanisumbua. Alama inasema amepita, na ile 1 inasema amesahau. Tunamwambia asiiguse ili alama ibaki nzuri. Huko si kuificha 1 chini ya mkeka?

MwlChumbageni

Umegusa penyewe, Kasuku, na sina jibu la kulimaliza. Alama isiguswe, lakini mada iguswe. Afanye karatasi ya Mfanano nyumbani, isiyohesabiwa, maswali manne, ndani ya muda uleule. Akipata 3 mara mbili kwa siku tofauti, ile 1 ilikuwa siku mbaya. Akipata 1 tena, amesahau kweli na atafute nafasi ya kuisoma hata kama alama haitasogea. Kwa kawaida kwenye Mfanano wanachanganya pande zinazolingana: pembetatu moja imegeuzwa, wao wanagawanya upande wa kushoto kwa wa kushoto.

BintiMakorora

Nimesoma yote, nawashukuru sana. Nimempigia mwalimu wa kituo kuhakikisha, amenitajia jambo ambalo kwenye karatasi ya maelekezo halipo. Baada ya Jumamosi hizi mbili kuna mtihani wa kufunga muhula, una swali moja la kila mada, na alama ya kila swali inaingia kama jaribio jipya la mada hiyo. Hii inabadilisha chochote?

Jedwali_Tanga

Inabadilisha karibu kila kitu!

MwlChumbageni

Inabadilisha, na kwa Mfanano inageuza ushauri wangu juu chini. Mtihani ule utakaa kwenye kiti cha kila mada, atake asitake. Pitia upya:

Vipeo itakuwa 4 na ya mtihani, salama. Aljebra itabaki na 3 na ya mtihani, salama. Seti itabaki na 4, salama. Mfanano itabaki na 1 na ya mtihani. Ile 3 tuliyokuwa tunailinda inaondoka hata asipofanya lolote. Kwa hiyo kuifanya tena Jumamosi hii hakuna cha kupoteza tena. Akipata 3, itakaa pamoja na ya mtihani, na mada imeokoka hata swali la mtihani likimshinda.

Mada zilizo mkononi kweli ni tatu, si nne. Zinahitajika tatu zaidi. Mfanano na Pithagorasi Jumamosi hii. Jumamosi ya pili Kwadratiki, pamoja na yoyote kati ya zile mbili iliyogoma. Zisipogoma, Logi. Kisha mtihani unampa kila mada nafasi moja zaidi.

Na akishapata 3 kwenye mada Jumamosi hii, asiiguse Jumamosi ya pili kwa tamaa ya 4. Akiirudia akapata 1, kisha mtihani ukaja, 3 imenyanyuka na amebaki na 1 na lolote litakalotokea siku ile.

Kasuku_wa_Pangani

Kwa hiyo mtoto mwenyewe alikuwa sahihi kutaka kuanza na Mfanano.

MwlChumbageni

Kwa Mfanano, ndiyo, na mwambieni hivyo. Kwa Trigonometria bado nasema asubiri.

Raskazone88

Mimi bado nina neno na kituo. Karatasi ya mada ina maswali manne, mtihani una swali moja la mada. Kwa nini swali moja liwe na nguvu ya kunyanyua alama iliyotoka kwenye maswali manne? Wangeufanya mtihani uwe wa kupandisha tu, usinyanyue.

Jedwali_Tanga

Ukiwa wa kupandisha tu, mwenye 3 aliyoipata mwanzo wa muhula hataisoma tena. Mtihani unaonyesha nini kimebaki kichwani leo.

Raskazone88

Basi waweke maswali mawili ya kila mada. Moja ni bahati nasibu.

MwlChumbageni

Maswali 16 kwa mada 8 ni mtihani mrefu kwa watoto wa Kidato cha Pili kwa kikao kimoja. Naona hoja zenu zote mbili, sijui kituo kingeamuaje. Binti, lililo muhimu kwako kabla ya siku yenyewe: muulize mwalimu swali lililoachwa wazi kwenye mtihani linaandikwa 0 au halihesabiwi kabisa. Kama halihesabiwi, basi mada anayoiogopa na tayari ina 3 ya zamani ataiacha wazi, na 3 haitanyanyuka.

BintiMakorora

Nitamuuliza kesho jioni. Karatasi ya Logi nimeipata, kosa lake ni hilohilo, log 2 + log 3 ameandika log 5. Maswali mawili kati ya manne.

MwlChumbageni

Basi Logi ichukue nafasi ya Kwadratiki Jumamosi ya pili, isipokuwa mazoezi ya alama ya kutoa yakienda vizuri wiki hii. Na yale mawili mengine ya Logi, alikosea nini?